Kuandika upya tangazo la ulezi wa wahitimu: nani, mara ngapi, na kwa mlango gani

Jumuiya nyingi za wahitimu, Unguja na Pemba, zina tangazo la ulezi lenye maneno yanayofanana na haya:

"Jumuiya yetu ina walezi wenye uzoefu mkubwa katika fani mbalimbali. Mhitimu yeyote anayehitaji msaada asisite kuwasiliana nasi wakati wowote. Karibuni sana."

Sarufi yake haina kasoro na aliyeliandika ana nia njema. Lakini mhitimu wa diploma ya uhasibu aliyeko Konde, anayelisoma kwenye simu baada ya Isha, hapati hata jibu moja kati ya matatu anayoyatafuta. Je, mimi nimo? Nitasaidiwa kwa kiasi gani? Nikitaka kuanza leo, nifanye nini? Analisoma, analipenda, analipita.

Tatizo limo ndani ya maneno yenyewe. "Yeyote" linasikika kama ukarimu, ila msomaji mwenye haya hulisoma kuwa ni la watu wengine, wale waliofaulu zaidi au wanaojuana na viongozi. "Asisite" linamtwika yeye kazi ya kuushinda wasiwasi wake. "Wakati wowote" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hakuna kijana aliyelelewa vizuri visiwani hapa atakayempigia mkubwa wake simu wakati wowote. Atangoja wakati unaofaa, na kwa kuwa hakuna aliyemtajia wakati huo, hautafika. Matokeo yake ni kwamba wanaotumia ulezi wa aina hii ni wale ambao tayari wana namba ya mlezi mkononi: mtoto wa dada yake, jirani wa mtaani, aliyesoma naye skuli. Aliyekusudiwa hasa hajulikani hata kama yupo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliandika upya tangazo hilo, kwa mfano mmoja tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho: jumuiya ya wahitimu wa chuo chenye diploma za uhasibu, tehama na utalii, yenye walezi 6. Wengi wa walezi wanaishi Unguja mjini, na wahitimu wengi wako Pemba.

Anza na saa za walezi, kalamu baadaye

Tangazo la ulezi ni ahadi, na ahadi hii hupimwa kwa saa. Ukianza na maneno utaahidi kuliko ulichonacho. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpigia kila mlezi simu, mmoja mmoja, dakika kumi zinatosha. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Kundini kila mtu husema "niko tayari, Inshaallah," kwa sababu aliyetangulia amesema hivyo, na hakuna anayetaka kuonekana mzito mbele ya wenzake. Kwenye simu ya watu wawili ndipo utakaposikia, "Kusema kweli mwezi huu nina ukaguzi wa hesabu, ningeweza jioni mbili tu."

Muulize mambo manne. Ana saa ngapi kwa mwezi, mwezi wa kawaida, si mwezi mzuri? Siku gani na saa ngapi? Ni kazi gani hasa anaweza kuifanya na mhitimu? Na nani hataki au hawezi kumsaidia? Swali hili la nne watu huliona gumu, lakini ndilo linalookoa tangazo. Mhasibu aliyeko Serikalini anaweza kukwambia kuwa hukaa kwenye jopo la usaili la taasisi yake, kwa hiyo hapaswi kumfundisha mtu anayeomba nafasi pale pale. Hilo lazima ulijue kabla tangazo halijatoka.

Kisha fanya hesabu. Kikao cha dakika 45 hakichukui dakika 45. Mlezi anahitaji kama robo saa kusoma alichotumiwa kabla ya kikao, na robo saa nyingine kuandika walichokubaliana. Kikao kimoja basi ni saa moja na robo. Mwenye saa 4 kwa mwezi ana vikao 3. Mwenye saa 2 na nusu ana vikao 2.

Katika mfano wetu, mhasibu mmoja na mtu mmoja wa tehama wana saa 4 kila mmoja. Mhasibu wa pili, mtu wa pili wa tehama na mtu wa utalii wana saa 2 na nusu kila mmoja. Jumla ni vikao 12 kwa mwezi. Mlezi wa sita hana nafasi ya vikao kabisa, lakini yuko tayari kusoma barua ya maombi ya kazi moja kila wiki na kuirudisha na maelezo. Usimlazimishe aingie kwenye vikao. Huduma yake itatajwa peke yake, na mara nyingi ndiyo itakayogusa watu wengi zaidi.

Katika vikao 12, panga 10 tu. Vile viwili ni vya kuahirishwa, maana vitaahirishwa: umeme utakatika, mtoto ataumwa, mlezi atatumwa kikazi Dar es Salaam.

Kutoka vikao hadi idadi ya watu

Hapa ndipo jumuiya nyingi hukosea hesabu, tena bila kujua. Tuseme mmeamua kila mhitimu apate vikao 4 ndani ya miezi 3: viwili mwezi wa kwanza, kwa sababu mwanzo una mengi ya kuzungumza, kisha kimoja kwa kila mwezi unaofuata. Vikao 10 kwa mwezi kwa miezi 3 ni 30. Ukigawa kwa 4 unapata watu 7. Basi unatangaza nafasi 7 zinazoanza pamoja mwezi wa kwanza.

Mwezi huo watu 7 wanahitaji vikao 14, na walezi wote pamoja wana 12. Ahadi imevunjika kabla ya wiki ya nne, ingawa kwa hesabu ya miezi mitatu ilionekana imetosha.

Njia nyepesi ni kuwaingiza kwa makundi mawili. Watu 4 waanze mwezi wa kwanza, nao watatumia vikao 8. Watu 3 waanze mwezi wa pili: wao watahitaji 6, na wale wanne wa mwanzo watahitaji 4, jumla 10. Mwezi wa tatu wote saba wanahitaji kikao kimoja kimoja, yaani 7, na nafasi inayobaki ni ya kulipia vikao vilivyoahirishwa. Mwezi wa nne wanabaki wale 3 wa kundi la pili, kila mmoja na kikao chake cha mwisho.

Baada ya hapo angalia mlezi mmoja mmoja, maana jumla inaweza kutosha huku mtu mmoja ameelemewa. Mwenye vikao 2 kwa mwezi hawezi kuanza na watu wawili mwezi mmoja. Kwa hiyo kundi la kwanza liwe la wahasibu wawili na watu wawili wa tehama, kila mlezi na wake. Kundi la pili liende kwa mlezi wa utalii, ambaye alikuwa bado hajaanza, na kwa wale wawili wenye saa 4, kila mmoja akiongezewa mtu wa pili. Unapata nafasi 3 za uhasibu, 3 za tehama na 1 ya utalii. Walezi watatu, hao wawili na wa utalii, watakuwa wamejaa kabisa mwezi wa pili, na mratibu asimkubalie mtu wa ziada mwezi huo hata akiombwa na kiongozi wa jumuiya.

Nafasi saba zinaweza kuonekana chache, na kamati italalamika kuwa namba hiyo ni ndogo kuitangaza. Itangazeni hivyo hivyo. Mhitimu anayesoma "nafasi 7, uhasibu 3" anajua kuna kitu halisi, na anajua aharakishe.

Nani: masharti yanayojibika kwa ndiyo au hapana

Sharti zuri ni lile ambalo msomaji analijibu mwenyewe, peke yake, bila kumuuliza mtu. "Wahitimu wapya" halijibiki. Aliyemaliza miaka mitatu iliyopita na bado hajapata kazi anajiona mpya, na aliyemaliza mwaka jana akaajiriwa hajioni hivyo. Taja miaka: "uliyemaliza 2023, 2024 au 2025." "Vijana" nalo liepukwe, kwa kuwa linamfungia nje mama aliyerudi masomoni akiwa na watoto wanne na kumaliza diploma mwaka huo huo. "Wenye ari" na "walio makini" ni maneno yasiyomchuja hata mmoja. Huwaondoa wanyenyekevu tu.

Taja pia hali ya mtu. Mlezi wa uhasibu katika mfano wetu anaweza kumsaidia anayetafuta kazi ya kwanza, na aliyekwisha ajiriwa kwenye duka au hoteli anayetaka kufahamu kazi ya kufunga hesabu za mwezi. Hawezi kumsaidia anayetaka mtaji. Yaandike yote matatu.

Halafu liko neno lenyewe, "mlezi." Kwetu mlezi wa jumuiya au wa timu ya mpira ni yule mwenye uwezo anayechangia: ananunua jezi, anatoa nauli, anakaa meza ya mbele. Mhitimu akisoma "utapatiwa mlezi" anaweza kudhani amepatiwa mfadhili, na mlezi naye ataanza kupokea maombi ya ada na nauli ya boti. Hakuna haja ya kulikimbia neno, kwa kuwa linabeba heshima inayofaa. Lifafanue mara moja juu ya tangazo: mlezi hapa ni mhitimu aliyetangulia, anayekusomea kazi yako, kukufanyisha mazoezi na kukueleza kazi ilivyo. Vitenzi ndivyo vinavyoonyesha. "Kukusaidia kukua kitaaluma" hakuonyeshi kitu. "Kusoma barua yako ya maombi na kuirudisha na maelezo" kunaonyesha.

Sentensi ya kile kisichotolewa iwe karibu na mwanzo, kwa maneno ya adabu na yasiyopinda. Visiwa ni vidogo, kila mtu ana ndugu ofisini, na mhitimu akiona jina la mtu mwenye cheo hudhani amefunguliwa mlango wa kazi. Andika: mlezi hatafuti kazi kwa niaba yako, hatoi fedha wala udhamini, na hapeleki jina lako kwa mtu. Kama wengi wanaomba kazi Serikalini, ongeza kuwa nafasi hizo huombwa kwa utaratibu unaotangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini, na mlezi anaweza kukufanyisha mazoezi ya usaili tu, isipokuwa kwa taasisi anayofanyia kazi yeye.

Mara ngapi: namba, muda, chombo, mwisho

"Mara kwa mara" si namba. Sentensi ya mzunguko inahitaji vitu vinne, na kikikosekana kimoja ndicho kitakacholeta ugomvi: vikao vingapi, kila kimoja dakika ngapi, kwa njia gani, na unaisha lini. "Vikao 4 vya dakika 45 kwa simu, ndani ya miezi 3. Baada ya kikao cha nne ulezi umekwisha." Kuandika mwisho si ukali. Kunampa mlezi njia ya kuacha bila kumvunjia mtu heshima, na kunampa mhitimu ujasiri wa kutumia chake chote, maana amejua ni chake.

Kwenye njia, sema nani anapiga na nani analipia. Hili huachwa, na ndilo linalowakwamisha watu kimyakimya. Mhitimu asiye na kipato akisoma "vikao kwa video" anapiga hesabu ya bando kabla ya kitu kingine chochote. Akisoma "kwa simu" bila maelezo atabipu, mlezi ataona namba asiyoijua na hatapokea, na kila mmoja atamwona mwenzake hayuko makini. Andika: "Mlezi ndiye atakayekupigia, simu ya kawaida, huhitaji bando." Kama kuna siku za kuonana ana kwa ana, taja mahali pa wazi, kwa mfano ukumbi wa chuo, na useme kuwa si lazima, ili aliyeko Wete asidhani atahitaji kuvuka bahari.

Baina ya vikao pia kuna maswali madogo. Yasipopewa mipaka, yatamchosha mlezi mkarimu na hayatafika kabisa kwa mlezi mkimya. Ujumbe mmoja kwa wiki, na jibu ndani ya siku 3 za kazi, ni kipimo ambacho watu wenye ajira hukiweza.

Saa ziandikwe kwa Kiswahili, pamoja na sehemu ya siku: "saa 2:30 usiku." Ukiandika 20:30 kuna atakayesoma vingine, na ukiandika "saa 2:30" tupu kuna atakayekaa na simu asubuhi. Pangeni vikao vya jioni baada ya Isha, si baina ya Magharibi na Isha. Ijumaa iachwe, au itumike jioni tu.

Na kalenda. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo tangazo la mwaka jana lenye tarehe zake likinakiliwa tu, litaangukia pasipofaa. Andika kwa maneno: "Hakuna vikao mwezi wa Ramadhani wala siku nne za sikukuu. Miezi yako 3 haihesabu siku hizo." Sentensi hiyo ya pili ni muhimu, vinginevyo aliyeanza mwezi wa Shaaban atajikuta amepoteza theluthi ya ulezi wake. Kwa Pemba angalia na msimu wa karafuu. Mavuno yakiwa makubwa, wahitimu wengi huwa mashambani wakichuma, na kikao cha mchana hakitampata mtu. Hamna haja ya kusimamisha ulezi, waulizeni saa zao.

Mlango: namba moja, ujumbe mmoja

Usiweke namba za walezi kwenye tangazo. Mlezi anayejulikana atapigiwa na watu thelathini na asiyejulikana hatapigiwa na mtu. Tena namba iliyokwisha sambaa hairudi. Weka namba moja ya mratibu, na iwe ya jumuiya, si yake binafsi, ili akibadilika mratibu namba ibaki.

Kizuizi kikubwa kwa mhitimu ni ujumbe wa kwanza. Anaandika salamu, anafuta, anajiuliza aseme Maalim au Bwana, aanze na habari za nyumbani au aende moja kwa moja, na mwisho anaahirisha. Mwondolee kazi hiyo kwa kumpa ujumbe wa kunakili:

> Naomba ulezi.
> 1. Jina na mwaka niliomaliza:
> 2. Fani yangu:
> 3. Ninakoishi (shehia na wilaya):
> 4. Jambo moja ninalotaka kulikamilisha ndani ya miezi 3:
> 5. Siku na saa ninazopatikana kwa simu:

Mstari wa nne ndio mgumu, na bila mfano utajazwa "nataka kufanikiwa." Weka mfano chini yake: "Nimeomba kazi mara 6 sijaitwa usaili, nataka kujua barua yangu inakosa nini." Mstari wa tano unapunguza ujumbe wa kwenda na kurudi. Ongeza kuwa anayependelea mlezi mwanamke au mwanamume aandike tu, bila kutoa sababu. Wapo wasioomba kabisa kwa kukosa sentensi hiyo moja. Kama jumuiya yenu ni ya skuli na mwombaji hajafika miaka 18, mzazi ajulishwe kabla ya kikao cha kwanza.

Kwa wenye WhatsApp unaweza kuweka kiungo kinachofungua ujumbe ukiwa umekwisha andikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20ulezi.%20Jina%20na%20mwaka:
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo, na jumla ni tarakimu 12. Kosa la kawaida ni kuandika 2550 kisha namba. Kiungo kinafunguka, lakini WhatsApp inasema namba haipo. Nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Kijaribu kwa simu ya mtu ambaye hajahifadhi namba hiyo, na chini yake andika namba kwa tarakimu za kawaida kwa ajili ya wanaotuma ujumbe mfupi.

Mwisho wa sehemu hii sema kitakachotokea baada ya kutuma: "Utajibiwa ndani ya siku 2 za kazi, hata kama nafasi zimejaa." Kisha mratibu alitimize. Mtu aliyejikaza akatuma ujumbe na asijibiwe hatarudi, na atawaambia wenzake.

Tangazo likiwa limekamilika

> Ulezi wa wahitimu, Julai hadi Oktoba: nafasi 7
>
> Mlezi ni mhitimu wa chuo chetu aliyetangulia. Atasoma barua yako ya maombi na wasifu wako, atakufanyisha mazoezi ya usaili, na atakueleza kazi ilivyo kila siku. Hatafuti kazi kwa niaba yako, hatoi fedha wala udhamini.
>
> Ni kwa ajili yako kama ulimaliza diploma 2023, 2024 au 2025, na unatafuta kazi ya kwanza au una kazi chini ya mwaka mmoja. Uhasibu nafasi 3, tehama 3, utalii 1. Unguja na Pemba sawasawa.
>
> Utapata vikao 4 vya dakika 45 ndani ya miezi 3: viwili mwezi wa kwanza, kisha kimoja kila mwezi. Mlezi ndiye atakayekupigia, simu ya kawaida, baada ya Isha. Baina ya vikao unaweza kutuma swali moja kwa wiki, nawe utajibiwa ndani ya siku 3 za kazi.
>
> Kuomba: nakili ujumbe ulio hapa chini, ujaze, uutume kwa namba ya ulezi. Watu 4 wanaanza Julai, tuma kabla ya tarehe 20 Juni. Watu 3 wanaanza Agosti, tuma kabla ya tarehe 20 Julai. Utajibiwa ndani ya siku 2 za kazi. Ukipenda mlezi mwanamke au mwanamume, andika.
>
> Unataka barua isomwe tu? Huna haja ya kungoja kundi. Tuma neno BARUA kwa namba hiyo hiyo. Tunasoma barua 4 kila mwezi, kwa mhitimu wa mwaka wowote.
>
> Tangazo limehakikiwa tarehe 1 Juni.

Chini ya tangazo hili weka ule ujumbe wa kunakili, kiungo na namba. Hakuna Ramadhani ndani ya miezi hiyo, kwa hiyo sentensi yake imeachwa. Katika tangazo ambalo miezi yake inaigusa, irudishwe chini ya "Utapata."

Lijaribu kwa watu watatu

Kabla ya kulitoa, wape wahitimu watatu wasiojua chochote kuhusu mpango huu, angalau mmoja akiwa shamba na mmoja akitumia simu ya kawaida. Usiwaulize "umefahamu?" Kwa adabu watasema ndiyo. Waulize: wewe umo au humo? Utazungumza na mlezi mara ngapi? Nani atalipa simu? Kisha waambie waandike ujumbe wao hapo hapo. Mtu akirudi juu kusoma tena, sentensi aliyoitafuta iko mahali pasipo pake. Akijibu "nadhani," haipo kabisa. Mara nyingi hukwama kwenye tarehe mbili za makundi. Ikitokea hivyo, toa tangazo la kundi la kwanza peke yake, na la pili lifuate mwezi unaokuja.

Ujumbe unaoingia ndio kipimo

Baada ya kutoka, mratibu aandike maswali yote anayoulizwa kwa wiki mbili. Wengi wakiuliza "nafasi bado zipo?" tangazo halionyeshi hali ya sasa: nafasi zikijaa, badilisha mstari wa juu uwe "Zimejaa, maombi mapya kuanzia Septemba," wala usilifute. Wengi wakiomba kazi, sentensi ya kisichotolewa haionekani, ipandishe. Ukija ujumbe kutoka mjini tu, jiulize tangazo lilipita wapi. Kundi la WhatsApp la viongozi haliwafikii walioko Micheweni, na pengine karatasi moja kwenye ubao wa chuo na nyingine kwa sheha zitafanya kazi zaidi. Kimya kabisa, hakuna hata ujumbe mmoja kwa siku kumi, kwa kawaida ni namba iliyokosewa, basi ipigie mwenyewe kwanza.

Upande wa walezi mratibu anahitaji jambo moja tu: kila mlezi amtumie neno "tumekutana" baada ya kikao. Likikosekana mara mbili mfululizo, mratibu ampigie mlezi, kwa upole, amuulize kama mwezi umekuwa mzito. Akisema ndiyo, mhitimu ahamishiwe kwenye vile vikao viwili vilivyowekwa akiba, aambiwe siku hiyo hiyo jina la mlezi mpya na siku atakayopigiwa, na tangazo la awamu ijayo lipunguzwe nafasi moja.